Mbwa katoka kwenye homa ya kupe, T4 iko chini: nimwanzishie dawa ya tezi au nisubiri?

Mama Zuri · 4 Mei

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada, kwa sababu dawa iko mezani na sijui kama nimpe kesho asubuhi au niache.

Niko Morogoro. Nina Labrado jike, anaitwa Zuri, miaka 6, ametolewa kizazi. Katikati ya Aprili aliacha kula, akapata homa, fizi zikawa nyeupe, na masikioni kupe wamejaa. Kipimo cha haraka kikaonyesha erlikia, na chembe za kugandisha damu zilikuwa elfu 48 tu. Tangu tarehe 20 Aprili yuko kwenye doksisaiklini ya siku 28, na siku 10 za mwanzo alipewa prednisoloni pamoja nayo. Homa imeshuka na anakula kidogo kidogo, ila analala mno, na manyoya ya ubavuni yamepungua pande zote mbili.

Kwa ajili ya manyoya na usingizi, daktari akashauri tupime tezi ya shingo. Damu ilitolewa tarehe 2 Mei, ikapelekwa maabara ya watu kwa kuwa hapa hatuna ya wanyama inayopima homoni. Majibu ni haya; T4 ni homoni ya tezi yenyewe, TSH ni ya ubongo ya kuiamrisha tezi itengeneze T4:

T4: 9 nmol/L (kawaida 66–181)
TSH: <0.005 (kawaida 0.27–4.2)

Kijana wa maabara ananiambia TSH ikiwa chini hivyo, tezi inafanya kazi kupita kiasi. Daktari naye anasema T4 iko chini, kwa hiyo tezi imechoka, akaniandikia levothairoksini mikrogramu 25 mara moja kwa siku, maisha yake yote. Hawa wawili wanasema mambo yanayopingana kabisa juu ya karatasi moja. Nimsikilize nani?

---

Mfugaji wa Kibaha · 4 Mei

Pole sana Mama Zuri. Mimi nafuga Rotiweila mwaka wa kumi huu. T4 ya 9 ni ndogo mno hata kwa mbwa, maana mbwa mzima huwa kati ya 13 na 51 hivi. Usingizi, manyoya kupungua ubavuni, T4 chini: hiyo ni tezi. Ningekuwa mimi ningempa dawa mwezi mmoja. Akichangamka, ujue ndio ugonjwa wenyewe. Asipochangamka unaacha, hakuna kilichoharibika.

---

Bibi Shamba · 4 Mei

Mwanangu, mimi nilikuwa na rovu tangu ujana na ninakunywa hizo hizo levothairoksini, 100 kila asubuhi. Mambo haya yanaanzia kwenye chumvi. Mpikie chakula chake kwa chumvi yenye madini joto, tezi itaamka. Hao mbwa tunawalisha dagaa na pumba bila chumvi kabisa.

---

Daktari wa Mifugo Iringa · 4 Mei

Mama Zuri, usianze hiyo dawa kesho. Haitamuua kwa kiasi hicho. Ninachokwambia ni kwamba karatasi uliyonayo haiwezi kujibu swali ulilouliza.

Nianze na TSH, kwa sababu ndiyo iliyowagombanisha watu wawili. TSH ya mbwa haifanani na ya mtu kiasi cha kukamatwa na kipimo cha mtu. Ile mashine imetengenezwa ishike umbo la homoni ya binadamu. Ukiiwekea damu ya mbwa, haioni kitu, inaandika namba ndogo kuliko zote inazoweza kuandika. Mbwa mzima atasoma hivyo, mbwa ambaye tezi yake imekufa atasoma hivyo. Kijana wa maabara amesoma sahihi kwa mgonjwa wa kibinadamu, lakini hapo hakuna kilichopimwa. Ichore mstari, uisahau.

T4 ni tofauti kidogo, kwa sababu ndiyo thairoksini, molekuli ile ile kwa mbwa na kwa mtu. Mashine ya watu inaweza kuisoma, ingawa huku chini kabisa haiaminiki sana, na ule upeo wa 66 mpaka 181 hauna maana yoyote kwa mbwa. Mbwa mwenye afya njema akisoma 25 maabara ya watu itamwekea alama nyekundu. Kwa hiyo tukubali tu kwamba T4 ya Zuri siku ile ilikuwa chini.

Swali ni kwa nini. Mwili unaoumwa hubana matumizi. Ubongo unapunguza amri kwa tezi, protini zinazobeba homoni kwenye damu zinapungua, na T4 inashuka wakati tezi yenyewe ni nzima. Kadiri ugonjwa unavyokuwa mkali ndivyo inavyoshuka. Zuri alikuwa na erlikia, upungufu wa damu, hajala siku kadhaa, halafu sindano imechomwa siku ya 12 ya matibabu, siku mbili tu tangu aache prednisoloni, ambayo nayo peke yake hushusha T4. Sijui ni mbwa gani katika hali hiyo angesoma T4 nzuri.

Naomba unijibu mambo matatu. Uzito wake kabla na sasa ni kilo ngapi? Kabla ya Aprili alikuwaje, mvivu au wa kawaida? Na kolesteroli ilipimwa?

---

Mama Zuri · 5 Mei

Asante sana Daktari. Alikuwa kilo 31, sasa 27. Kabla ya kuugua alikuwa anakimbia na watoto mpaka jioni, na manyoya yalikuwa yanang'aa. Kolesteroli ipo kwenye karatasi ya kwanza, 5.1 mmol/L, daktari alisema ni ya kawaida.

---

Daktari wa Mifugo Iringa · 5 Mei

Basi hadithi yenyewe inakataa. Tezi inakufa polepole, miezi na miezi. Mbwa wa aina hiyo ananenepa wakati chakula hakijaongezeka, anatafuta jua na jiko, mkia unabaki mtupu, ngozi inakuwa nyeusi na nene, uso unalegea mpaka anaonekana kama ana huzuni. Kolesteroli hupanda kwa karibu robo tatu yao. Zuri amekonda kilo 4 ndani ya wiki tatu, na alikuwa mzima mpaka siku alipopata homa. Manyoya ya ubavuni hudondoka pia baada ya homa kali na prednisoloni.

Maliza doksisaiklini mpaka tarehe 18. Subiri wiki sita baada ya hapo, akiwa anakula vizuri na uzito umerudi, ndipo mpime upya. Mwambie daktari wako, kwa heshima, atafute maabara inayopima TSH ya mbwa. Sampuli ikitenganishwa vizuri na kugandishwa inaweza kusafirishwa.

Bibi Shamba, shikamoo. Rovu ya watu wengi ilitokana na kukosa madini joto, hapo uko sawa kabisa. Kwa mbwa karibu wote ni jambo jingine: kinga ya mwili inaishambulia tezi, au tezi inasinyaa yenyewe na kugeuka mafuta. Madini joto hayana cha kuamsha hapo.

---

Bibi Shamba · 5 Mei

Marahaba baba. Nimeelewa, chumvi naiacha. Ila mimi mbona daktari wangu anaangalia TSH tu na anaridhika?

---

Mfugaji wa Kibaha · 5 Mei

Daktari nimekuelewa kwenye prednisoloni, hilo sikuliangalia. Lakini wazo la kumjaribu kwa dawa bado naliona zuri. Na nyie mnasema TSH ya mbwa ndiyo mwamuzi: ikiwa juu anao, ikiwa ya kawaida hana. Sasa kama kipimo hakipatikani mtu afanyeje?

---

Daktari wa Mifugo Iringa · 6 Mei

Bibi, kwa binadamu TSH ni mwaminifu sana, ndiyo maana daktari wako anaridhika nayo. Kwa mbwa sivyo, na hapo ndipo namjibu na Mfugaji. Mbwa kama robo hivi wenye tezi iliyokufa kweli wana TSH iliyo ndani ya kiwango cha kawaida, na tafiti nyingine zimepata zaidi ya hapo. T4 chini na TSH juu, kwa mbwa mwenye dalili na asiye na ugonjwa mwingine, hapo naandika dawa bila wasiwasi. T4 chini na TSH ya kawaida inaniacha njia panda: inaweza kuwa tezi, inaweza kuwa mwili unaoumwa. Ndipo naomba T4 huru, ile isiyobebwa na protini, iliyopimwa kwa kuchujwa kwenye utando, kama pesa na maabara vipo. T4 iliyo katikati ya kiwango, hiyo karibu inamwondolea mbwa shutuma kabisa. Kipimo cha T4 kinajua kusema hapana kuliko kinavyojua kusema ndiyo.

Kuhusu kumjaribu kwa dawa: homoni hii humchangamsha hata mbwa asiye na tezi mbovu, na huotesha manyoya. Zuri atachangamka mwezi ujao hata ukimpa maji matupu, kwa sababu anapona erlikia. Mtasema dawa imefanya kazi, na atameza vidonge miaka 6 bure. Zaidi ya hapo, dawa ikitolewa kwa kiasi cha kutosha tezi yake mwenyewe inalala, maana ubongo unaona homoni ipo. Ukitaka kupima upya lazima uache dawa na kusubiri wiki kadhaa iamke. Kwa hiyo kuna kinachoharibika, nacho ni nafasi ya kujua ukweli.

---

Bwana Dobamani · 6 Mei

Salamu kutoka Nakuru. Mimi wangu alikuwa nao kweli, na ninaona tofauti na Zuri ni kama mchana na usiku. Dobamani dume, miaka 7, kutoka kilo 34 hadi 41 ndani ya mwaka mmoja na chakula kilekile. Mkia ulibaki kama wa panya. Asubuhi ya baridi hakuwa anataka kutoka kwenye gunia lake. Masikio yalioza kila mara, antibiotiki zinamaliza, wiki tatu yanarudi. Kolesteroli 14. Daktari wa wanyama akatuma sampuli nje: T4 haikuonekana kabisa, TSH 1.4 ambapo mwisho wao ni 0.6.

Shida yangu ilianzia dukani. Daktari aliandika miligramu 0.7 asubuhi na 0.7 jioni. Vidonge tulivyopata ni vya watu, vya mikrogramu 100. Yaani vidonge saba asubuhi, saba jioni. Duka la kwanza walikataa kuniuzia, la pili wakaniambia daktari amekosea nukta.

---

Mfamasia Tanga · 7 Mei

Bwana Dobamani, mimi ningekuwa dukani siku ile ningekukatalia pia, na ningekuwa nimefanya kazi yangu. Mtu mzima asiye na tezi kabisa anatumia mikrogramu 1.6 hivi kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo mtu wa kilo 70 ni kama 112. Cheti kikija na 1,400 kwa siku, mfamasia yeyote anaona mtu anayetaka kukonda kwa njia ya hatari, au nukta iliyohama. Hakuna kilichoniambia kwamba mgonjwa ana miguu minne.

Nawaomba madaktari wa mifugo: andikeni juu kabisa neno MBWA, uzito wake, na kiasi kwa mikrogramu, halafu idadi ya vidonge. Mkiandika 0.7 mtu mmoja akasoma 7, au mg ikasomeka mcg, tumeharibu.

Na mimi nauliza ili nijifunze: kwa nini mbwa anahitaji kikubwa hivyo?

---

Daktari wa Mifugo Iringa · 7 Mei

Mfamasia, hayo uliyoyasema yabandikwe ukutani. Mbwa ananyonya sehemu ndogo tu ya kidonge kutoka tumboni, na anaimaliza haraka. Kwa mtu nusu ya dawa bado ipo mwilini baada ya wiki moja, kwa mbwa inabaki nusu baada ya masaa 9 mpaka 15. Ndiyo maana wengi tunaanza na mikrogramu 20 kwa kila kilo mara mbili kwa siku, na hatupiti mikrogramu 800 kwa mara moja hata mbwa awe mkubwa namna gani.

Piga hesabu ya Zuri uone. Kilo 27 mara 20 ni 540, mara mbili kwa siku ni 1,080. Yeye ameandikiwa 25 kwa siku, chini ya sehemu moja ya arobaini. Kama tezi ingekuwa imekufa kweli, kile kidonge kisingemsaidia chochote. Kama ni nzima, hakina kazi.

Bwana Dobamani, nimeona mlihesabu kwa kilo 34, uzito wake wa awali, badala ya 41. Hilo ni sawa, mafuta hayahitaji dozi. Lakini moyo wake ulipimwa kabla ya kuanza? Dobamani wana ugonjwa wa moyo kutanuka kwenye ukoo wao, na homoni hii inauongezea moyo kazi ghafla. Kwenye moyo mgonjwa naanza na robo ya dozi na kupanda polepole.

---

Bwana Dobamani · 8 Mei

Ulipimwa Daktari, ulikuwa sawa. Kilichotuponza ni chakula. Wiki ya sita tulipima damu masaa matano baada ya vidonge, T4 ikawa 18. Daktari akataka kuongeza dozi. Akaniuliza nampaje, nikamwambia nachanganya na ugali na nyama, maana vidonge saba hamezi hivi hivi. Akasema usiongeze kitu, mpe tumbo likiwa tupu, chakula kije baada ya saa moja. Wiki nne baadaye, dozi ileile, damu masaa matano baada ya kumeza: 49.

Wiki ya pili alikuwa ameanza kunifuata getini. Manyoya yalinitia hofu, mwezi wa kwanza yalidondoka zaidi. Daktari akasema ni ya zamani yanasukumwa na mapya. Mkia ulifunika mwezi wa tano.

---

Kijana wa Moshi · 9 Mei

Naomba kuingilia. Wangu ana kifafa, anatumia fenobabito mwaka wa pili, T4 yake imekuja 10. Halafu mwezi uliopita alipewa septrini wiki nne kwa ajili ya ngozi. Naye nisubiri?

---

Daktari wa Mifugo Iringa · 9 Mei

Fenobabito hushusha T4 yenyewe, na usiiache ghafla kwa ajili ya kipimo, degedege zitarudi vibaya. Septrini ni mtego mbaya zaidi: inaizuia tezi kutengeneza homoni kweli kweli, T4 inashuka na TSH inapanda. Karatasi itafanana kabisa na ya Dobamani wa Nakuru, lakini ukiiacha tezi inarudi baada ya wiki chache. Pima tena mwezi mmoja na nusu tangu septrini ya mwisho. Fungua uzi wako, utueleze uzito na ngozi ikoje.

---

Mama Zuri · 14 Julai

Wakuu nimerudi. Dawa sikuianza. Nilimpelekea daktari wangu maelezo haya yote, akayasoma kwa utulivu, akanishukuru, na yeye mwenyewe ndiye aliyetafuta njia ya kutuma sampuli. Damu ilitolewa tarehe 1 Julai, Zuri akiwa kilo 30 na chembe za kugandisha damu elfu 260.

T4: 21 nmol/L (13–51)
TSH ya mbwa: 0.71 ng/mL (chini ya 0.60)

Anakimbia tena na watoto. Manyoya ubavu wa kulia yamejaa, wa kushoto bado membamba. Ila hiyo TSH imepita mstari, na usingizi umenikimbia mimi sasa.

---

Mfugaji wa Kibaha · 14 Julai

T4 kutoka 9 mpaka 21 bila kidonge hata kimoja. Nilikosea, Mama Zuri, na nafurahi hukunisikiliza. Lakini TSH kupanda si ndio mwanzo wa tezi kuharibika? Ubongo unapiga kelele kabla T4 haijaanguka.

---

Daktari wa Mifugo Iringa · 15 Julai

Mfugaji, unachosema kinawezekana. Mbwa anayeanza kushambuliwa na kinga yake huonekana hivyo hivyo, T4 bado inajikaza na TSH imenyanyuka. Lakini mbwa anayetoka kwenye ugonjwa mzito naye hupandisha TSH kwa muda, wakati tezi inaamshwa kutoka usingizini. Kwa namba hizi mbili siwezi kuwatofautisha. Kuna kipimo cha kingamwili dhidi ya thairoglobulini, protini ya tezi, kinachoonyesha kama tezi inashambuliwa. Mama Zuri, muulize daktari kama ile maabara inakifanya na kama ile seramu ya tarehe 1 bado wanayo.

Kwa T4 ya 21 na mbwa anayekimbia, mimi siandiki dawa. Ubavu wa kushoto ukwanguliwe ngozi waangalie utitiri, maana tezi haichagui upande mmoja.

---

Mama Zuri · 15 Julai

Sawa Daktari. Seramu nimeulizia, wameitupa. Kukwangua ngozi tunaenda Jumamosi, na damu nyingine tutatoa mwishoni mwa Septemba.